Mwangalizi wa uchaguzi aandike nini, na anyamaze wapi

*Shikamoo mzee. Mimi ni mratibu wa shirika dogo la kijamii hapa Voi. Tumeombwa kutoa waangalizi 30 kwa uchaguzi wa 2027, na mimi ndiye nimepewa kuwafundisha, asubuhi moja tu, kwa muda wa saa tatu. Nilisoma fomu za waliotutangulia mwaka 2022: nusu ziliandikwa "kila kitu kilikuwa shwari", nusu "wizi mtupu". Isitoshe, mji ni mdogo, tunajuana, na kila mtu ana chama chake. Niwaambie nini kuhusu kutoegemea upande, na waripoti nini hasa?*

Marahaba, binti yangu. Fomu ya "shwari" na fomu ya "wizi mtupu" zina ugonjwa mmoja. Aliyeandika ametoa hukumu, hakusema alichokiona. Zikinifikia mezani sina la kufanya nazo. Shwari saa ngapi, mkondo upi, yaani chumba kipi cha kupigia kura, sanduku lilionyeshwa tupu au halikuonyeshwa? Wizi wa nini, na wewe ulikuwa umesimama wapi ukiuona? Kwa hiyo saa zako tatu usizimalize kwa kuwasomea Sheria ya Uchaguzi kifungu baada ya kifungu. Wafundishe kutenganisha jicho na maoni, na kila utakalosema baadaye kuhusu nguo, chai, simu na fomu litoke hapo.

Anza kwa kuwauliza tofauti ya mwangalizi na wakala. Utashangaa wangapi hawaijui, hata waliowahi kuifanya kazi hii. Wakala ametumwa na chama au mgombea. Ana haki ya kupinga karatasi ya kura, ya kumbishia msimamizi wa kituo, ya kuomba hesabu irudiwe, na mwishoni hutia saini Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura ya rais kituoni, au huandika kwa nini amekataa. Mwangalizi hana hata moja kati ya hayo. Ana beji aliyopewa na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ana haki ya kuingia, kukaa mahali anapoona, na kubaki mpaka hesabu iishe na fomu ibandikwe mlangoni. Basi. Akiona kosa haliamrishi liishe, analiandika. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ni gumu zaidi kwa watu wema.

Nakupa langu. Mwaka 2013 vifaa vya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole vilizimika katika vituo vingi na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Nilikuwa mwangalizi katika shule moja ya msingi. Foleni haikuwa inasogea, akina mama wenye watoto wako juani, nami nikamwambia karani awagawe watu kwa herufi za majina. Akanisikiliza, foleni ikasogea, nikajiona nimefanya la maana. Usiku, hesabu ilipokuwa ikiendelea, wakala mmoja ambaye mtu wake alikuwa nyuma akasema mbele ya wote kwamba kituo kile kimeendeshwa na waangalizi. Sikuwa na jibu, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Ripoti yangu ya siku ile haikutumika. Wasimulie hilo, au tafuta la kwako, maana mtu husahau kanuni lakini hasahau aibu ya mwenzake.

Kutoka hapo mambo madogo yanajieleza yenyewe. Msimamizi akikuomba umshikie taa wakati wa kuhesabu, kataa kwa upole. Akikuomba umsomee nambari kwa sauti kwa kuwa macho yake yamechoka, kataa. Akikuletea fomu ya matokeo utie saini kama shahidi, kataa pia, maana mahali pale ni pa mawakala. Huna haja ya kueleza kwa hotuba, sema tu, "Samahani, mwangalizi haruhusiwi."

Kuhusu vyama, usiwaombe watu wako wasiwe na chama. Watakudanganya, na wewe utajua kwamba wamekudanganya. Mpiga kura yeyote ana anayempenda. Waambie kwamba kinachotakiwa ni mtu aliye kando yako siku nzima asiweze kubahatisha umempigia nani. Hilo ni jambo la vitu vinavyoonekana, na kwenye mji unaojuana vinaonekana mapema sana. Njano imeshakuwa ya UDA na chungwa ya ODM, kwa hiyo kilemba cha njano hata kama ulirithi kwa bibi yako kibaki nyumbani. Akina mama waangalie leso: usije na leso yenye maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma kama kijembe kwa mshindani. Usipande boda boda yenye bango la mgombea, hata kama ni ya binamu yako na anakupeleka bure. Beba chakula chako na maji yako, kwa sababu mchana mawakala huletewa chapati na soda na vyama vyao, na ukila cha mmoja wao, wa upande wa pili ameshaandika jina lako kichwani.

Halafu lugha. Huko kwenu hili ndilo litakalowaponza kuliko nguo. Karani ni jirani yako, mkianza kunong'ona Kidawida pembeni kuhusu harusi ya Jumamosi, wakala asiyeielewa lugha hiyo haoni harusi, anaona njama. Ndani ya chumba zungumzeni Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, na mambo ya kituo tu. Salamu msiziache, lakini wasalimie wote. Nimewahi kumwona mwangalizi akiingia, akampa mkono wakala mmoja aliyesoma naye, akawapungia wengine wanne kutoka mbali. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na siku nzima hakuaminiwa.

Simu ni jambo la wiki nzima, si la siku moja. Wiki moja kabla, kila mmoja aangalie picha yake ya Watsapu, vikundi anavyochangia, na alichoandika Fesibuku tangu kampeni zianze. Kufuta kila kitu usiku wa kuamkia uchaguzi hakusaidii sana, kwani watu wanayo nakala. Ukikuta mtu ambaye ameandika matusi dhidi ya mgombea mwezi uliopita, mwondoe orodhani sasa, kimya kimya. Na siku yenyewe hakuna kutuma idadi ya kura kwa rafiki, hata kama fomu imeshabandikwa na kila mtu anaiona. Namba zako zinakwenda kwa msimamizi wako wa eneo peke yake.

Sasa kuna jambo ambalo wakufunzi wengi hulipita haraka, na mimi nakuomba ulipe nusu saa: kubaki kwenye mkondo uliopangiwa. Mkondo mmoja Kenya hauzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na mikondo minne au mitano, kila mmoja na makarani wake na masanduku yake sita. Mtu wako amepangiwa mkondo wa 2. Saa nne anasikia makelele mkondo wa 4 na miguu inamwasha kwenda. Asiende. Kama shirika linalowaongoza linachukua sampuli, mkondo wake umechaguliwa kwa bahati nasibu, na nguvu ya hesabu nzima iko hapo. ELOG, kundi la waangalizi wa ndani, lilifanya hivyo mwaka 2022 kwa vituo 1,000 kati ya 46,229. Makisio yao yalimpa William Ruto asilimia 50.7 na Raila Odinga 48.7, na kosa la kukadiria la 2.1 juu au chini. Tume ilitangaza 50.49 kwa 48.85. Hesabu ilikaribiana hivyo kwa kuwa watu walikaa walipopangwa. Wangehama kufuata vurugu, ripoti zingetoka kwenye vituo vyenye vurugu tu na zisingesema lolote kuhusu nchi.

Lakini waambie na mpaka wake, wasije wakajiona manabii. Toa 2.1 kwenye 50.7 unapata 48.6, yaani chini ya nusu. Sampuli ile isingeweza kuamua peke yake kama mtu amevuka asilimia 50 kwenye kinyang'anyiro cha karibu hivyo. Ilichoweza kusema ni kwamba matokeo yaliyotangazwa yanalingana na yaliyohesabiwa vituoni. Kazi kubwa hiyo, lakini ni hiyo tu.

Na kwa sababu hiyohiyo maneno "huru na ya haki" yapigwe marufuku kwenye fomu zenu. Mwaka 2017 waangalizi wengi, wa nje hasa, waliisifu siku ya kupiga kura: foleni zilikuwa na utulivu, watu walipiga kura. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais, na doa kubwa liliangukia kwenye kupitishwa na kuhakikiwa kwa matokeo baada ya kutoka vituoni, mahali ambapo aliyekuwa akitazama foleni hakuwepo. Mtu wako ameona chumba kimoja cha darasa kuanzia alfajiri hadi usiku. Aandike kuhusu chumba hicho.

Tuje kwenye kuripoti. Nitakupa tukio moja uwafundishie, kwa sababu hutokea karibu kila kituo cha shambani na karibu kila mara huandikwa vibaya: mzee asiyeona au asiyejua kusoma anayesaidiwa kupiga kura.

Mwangalizi mgeni anaona watu wanne wamemzunguka bibi kizee kwenye kibanda. Anaandika, "Siri ya kura imevunjwa, mawakala wanampigia bibi kura." Kumbe alichoona ni sheria ikifuatwa. Mpiga kura anayehitaji msaada akija na mtu wake mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, huyo ndiye anayemsaidia, baada ya kuapa kutunza siri kwenye Fomu 32. Asipokuja na mtu, msimamizi wa kituo ndiye anayemsaidia, mbele ya mawakala, ili mawakala washuhudie kuwa ameweka alama alipotajiwa. Picha ile inaudhi macho, nakubali, na bibi mwenyewe analazimika kutaja jina mbele ya wageni. Lakini si ukiukaji, na kuiripoti kama ukiukaji kunawafanya wale wa tume waseme waangalizi hawa hawajui kitu.

Sasa geuza kidogo. Kijana mmoja mwenye fulana ya kijivu anaingia na mzee, anamsaidia, wanatoka. Baada ya robo saa anarudi na mzee mwingine. Halafu na wa tatu. Hapo kuna la kuandika, kwa kuwa msaidizi anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu katika uchaguzi huo. Mtu wako akiandika "kuna kijana wa chama fulani anawaibia wazee kura", ameharibu. Chama amekijuaje? Kuiba ameonaje? Mzee wa pili huenda ni baba yake na wa tatu mjomba wake, na wote wamemtaja wanayemtaka kwa hiari. Ripoti ninayoitaka ni hii:

"Kati ya 09:40 na 10:15 mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya kijivu aliwasaidia wapiga kura watatu, wote wazee, mmoja baada ya mwingine. Nilimwona mwenyewe mara zote tatu. Mara ya kwanza alijaza fomu ya kiapo. Mara ya pili na ya tatu sikuona akijaza. Mara ya tatu wakala mmoja alilalamika, msimamizi akamzuia, na yeye msimamizi akamsaidia mzee huyo mbele ya mawakala. Sikusikia wazee walimwambia nini kijana. Baada ya 10:15 hakurudi."

Angalia kilichomo. Kuna saa, kuna idadi, kuna jinsi alivyojua, kuna alichofanya msimamizi, na kuna alichokosa kusikia. Hicho cha mwisho watu hukiona udhaifu na kukificha, ilhali kwangu ndicho kinachonifanya niamini sentensi nyingine zote. Hakuna jina la mtu, hakuna kabila, hakuna chama. Watu watajwe kwa kazi zao: msimamizi, karani, wakala, askari. Kama wakala alikuwa na beji ya chama inayosomeka, aandike kwamba alisoma beji, si kwamba "ni wa upande ule, tunamjua".

Wapitishe kwenye maneno matatu: nimeona, nimesikia, nimeambiwa. "Nimeona" ni kwa macho yako. "Nimesikia" ni kwa masikio yako, mlio wa bunduki au ugomvi wa nje. "Nimeambiwa" lazima liandamane na nani amekuambia, kwa kazi yake, na saa aliyokuambia. "Inasemekana" halina mlango wa kuingilia kwenye fomu. Akija mpiga kura kukueleza kuwa huko nyuma ya duka pesa zinagawiwa, andika kwamba mpiga kura mmoja amekueleza hivyo saa 11:20, usiende nyuma ya duka. Ukitoka, kituo kimebaki bila jicho, na huenda ndicho alichotaka aliyekutumia habari.

Nimeandika 09:40 kwa makusudi. Saa ya Kiswahili itakuharibia ripoti usipoiwekea kanuni mapema. Mmoja ataandika "saa 3:40" akimaanisha asubuhi, mwenzake ataandika "saa 3:40" akifuata simu yake, alasiri, na anayejumlisha Nairobi ataona tukio limetokea baada ya saa sita. Kwenye midomo tusemeane saa tatu na dakika arobaini kama kawaida, lakini kalamuni iwe saa 24 kama simu inavyoonyesha. Wafanyishe zoezi la dakika tano: vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, waandike 06:00, hufungwa saa kumi na moja jioni, waandike 17:00. Na walio kwenye foleni ikifika 17:00 wanapiga kura, tena kituo kilichochelewa kufunguka huongezewa muda uliopotea. Kupiga kura saa 18:10 si kosa. Ila waandike foleni ilikuwa na watu wangapi saa 17:00, na kama kuna aliyeongezeka baada ya hapo.

Hesabu ya usiku ndiyo inayowashinda wengi, kwa uchovu kuliko kwa ujinga. Chukua mfano huu wa kubuni, uuandike ubaoni, uwaache wautafakari kabla hujasema kitu.

Mkondo ulipokea karatasi 600 za kura ya rais. Jioni zilizobaki bila kutumika ni 195. Tatu ziliharibika: wapiga kura walikosea, wakazirudisha, wakapewa nyingine. Kwa hiyo zilizokwenda mikononi mwa watu na kubaki huko ni 402. Kifaa cha KIEMS, kile cha kumtambua mpiga kura, nacho kinaonyesha watu 402 walitambuliwa. Mpaka hapo mambo yanakwenda sawa. Sanduku la rais, lenye kifuniko cheupe, linafunguliwa: kura halali 394, zilizokataliwa 6. Jumla 400. Mbili ziko wapi?

Nusu ya darasa lako itasema zimeibwa. Waulize sasa, mwizi gani huiba kwa kupunguza mbili? Subiri sanduku la mbunge, lenye kifuniko cha kijani, lifunguliwe. Ndani yake kuna karatasi moja nyeupe, mtu amekosea sanduku. Imebaki moja. Huenda mtu aliondoka nayo mfukoni, huenda imo kwenye sanduku lingine ambalo halijafunguliwa. Mwangalizi anaandika: sandukuni 400, waliotambuliwa 402, karatasi moja ya rais imekutwa kwenye sanduku la mbunge, moja haijaonekana mpaka hesabu ilipokwisha. Hakuna neno zaidi. Kwa mtu mwenye karatasi sita mkononi na masanduku sita mbele yake, upungufu wa moja au mbili ni jambo la kila mkondo.

Geuza tena: waliotambuliwa 402, sandukuni 409. Hii ni habari nyingine kabisa. Karatasi haziongezeki zenyewe. Lakini kabla ya kupiga simu athibitishe mambo mawili kwa macho, bila kugusa kitu: kwamba 402 imesomwa kwenye kifaa cha mkondo huohuo, na kwamba hakuna watu waliopitishwa kwa njia nyingine kifaa kilipozimika, ambao wapo kwenye kumbukumbu za karatasi. Kama bado ni 409 kwa 402, apige simu palepale, na aandike pia kama mawakala walipinga na msimamizi aliamua nini. Yeye mwenyewe asiseme kitu chumbani. Mawakala wana macho na wana haki ya kupinga. Ikitokea wote wamenyamaza, hilo nalo aliandike.

Kuna mtego wa maneno hapa. Mtaani tunaita "kura zilizoharibika" vitu viwili tofauti. Karatasi iliyoharibika haikuingia sandukuni, ilirudishwa na mpiga kura akapewa nyingine. Kura iliyokataliwa imo sandukuni, lakini haihesabiwi kwa mgombea yeyote, labda kwa sababu mtu ametia alama kwa wawili. Mtu akizichanganya, kwenye mfano wetu ataandika 9 mahali pa 6, na aliyeko juu ataona kura tatu zisizo na mwenyewe.

Mwisho wa usiku matokeo ayanakili kutoka kwenye Fomu 34A yenyewe iliyobandikwa mlangoni, asinakili kwa kusikia msimamizi akitangaza. Akinakili kwa masikio, 139 inageuka 193, nami nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Kisha ajumlishe kura za wagombea kwa kidole kuona kama zinafika jumla iliyoandikwa. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Maina Kiai mwaka 2017, matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho, na mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa hadharani na tume kila mtu akazitazama. Kwa hiyo tarakimu alizonakili mtu wako saa tano usiku zinaweza kulinganishwa na picha ile, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, swali la kwanza litakuwa kama alinakili vizuri.

Si kila tukio ni la kupigia simu. Ukiwaruhusu wapige kwa kila kitu, laini itajaa habari za karani aliyechelewa kurudi chakulani. Wapige simu palepale kwa haya: sanduku halikuonyeshwa tupu kabla ya kufungwa sili, kituo hakijafunguliwa mpaka 08:00, KIEMS imezimika na hakuna kinachoendelea, mwangalizi au mawakala wametolewa nje, kuna damu, silaha au vitisho, hesabu imehamishiwa mahali pengine, karatasi sandukuni zimezidi watu, au namba kwenye fomu imebadilishwa baada ya kutangazwa. Mengine yote yangoje ripoti za kawaida: ya ufunguzi, ya adhuhuri, ya kufunga na ya hesabu. Na ripoti ya ufunguzi isiyo na tatizo itumwe kwa wakati kama yenye tatizo. Asiyetuma hana maana ya "shwari", ana maana ya hatujui.

Wakizuiwa mlangoni wasibishane wala wasitaje Katiba. Waonyeshe beji na kitambulisho, waulize sababu, waandike saa, cheo cha aliyewazuia na sababu aliyotoa, wasogee nje, wapige simu. Kwa kawaida ni askari ambaye hajaambiwa, na simu moja inamaliza. Kukiwa na hatari ya mwili, waondoke kwanza, waandike baadaye.

Saa yako ya mwisho ifanye iwe ya zoezi. Panga madawati kama kituo, wape sita kazi ya kuigiza, wengine watazame kimya kwa dakika kumi. Weka ndani yake yule kijana wa fulana ya kijivu, bibi anayesaidiwa na msimamizi kihalali, na mtu anayepita nje akipiga kelele kuwa kura zinaibwa. Kisha kila mmoja aandike ripoti yake peke yake, na mzibadilishane mzisome kwa sauti. Utasikia watu walewale, darasa lileile, wakitofautiana kuhusu rangi ya fulana. Hapo ndipo watakapoelewa kwa nini nataka waandike papo hapo kwenye daftari dogo na wasingoje jioni. Kama utaweza kufanya jambo moja tu asubuhi hiyo, fanya hili.

Na yule ambaye najua unamfikiria, maana kila orodha ya watu 30 ina mmoja: mwenyekiti wa vijana wa tawi la chama, kijana hodari, anayejua kuandika kuliko wote. Usimchukue. Mwite kabla ya siku ya mafunzo, umwambie ana kwa ana kwamba chama chake kitahitaji wakala mwenye akili kama yeye, ukaribishe mwingine mahali pake. Kisha chukua wawili wa akiba juu ya 30, kwa sababu alfajiri ya tarehe 10 Agosti mmoja atakuwa na homa na mwingine hataamka.